Pesa za Facebook: Kwa nini video ya Rongui hailipi kama ya Nairobi

Mfanyabiashara anayevuka Ruvuma pale Kilambo kwenda Palma siku hizi hubeba duka lake mfukoni. Ukurasa wa Facebook ndio unaotangaza kwamba pweza mkavu amefika, kwamba kapulana mpya zimeshushwa, kwamba jahazi litaondoka Mtwara alfajiri. Kutoka hapo ni hatua ndogo tu kufikia swali linaloulizwa sasa pande zote mbili za mto: ikiwa video yangu ya pweza wa Rongui imetazamwa mara laki mbili, pesa yangu iko wapi?

Jibu linahitaji kutenganisha nchi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna nchi anayoishi mwenye ukurasa, na kuna nchi wanazoishi watazamaji wake. Ya kwanza huamua kama utalipwa. Ya pili huamua utalipwa kiasi gani. Mtu akishaelewa hilo, mengi yanayoonekana kama dhuluma au bahati yanapata maelezo.

Tuanze na ya kwanza. Mwaka 2021 kampuni ya Meta, mwenye Facebook na Instagram, ilianzisha bonasi ya video fupi za Reels. Ilianzia Marekani, ilikuwa ya kualikwa tu, na ilivuma kwa sababu kiwango cha juu kilichotajwa kilifika maelfu ya dola kwa mwezi. Machi 2023 bonasi hiyo ilisimamishwa. Hata hivyo sifa yake haikufa, na mpaka leo kuna watu wanaouza “mafunzo ya bonasi ya Reels” wakitumia picha za malipo ya zama zile. Ukionyeshwa picha ya namna hiyo, uliza tarehe yake kwanza.

Kando ya bonasi kulikuwa na malipo ya matangazo yanayowekwa ndani ya video. Masharti yake ndiyo yaliyosambaa zaidi mitaani: wafuasi 5,000, dakika 60,000 za kutazamwa katika siku 60, video tano zilizo hai, na mwenye ukurasa awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Mapato yaligawanywa, asilimia 55 kwa mwenye video na 45 kwa Meta. Lakini juu ya yote hayo kulikuwa na sharti la nchi. Ungeweza kuwa na wafuasi laki moja, na kama nchi yako haimo kwenye orodha hupati senti.

Wakenya wanalijua hili vizuri. Kwa miaka kadhaa walikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa Facebook katika ukanda wetu bila mlango huo kufunguliwa kwao. Ilibidi jambo lifike Ikulu: Machi 2024 Rais William Ruto alikutana na Nick Clegg, aliyekuwa mkuu wa masuala ya kimataifa wa Meta, na ikatangazwa kwamba Wakenya wanaotimiza masharti wangeanza kulipwa kufikia Juni mwaka huo. Nigeria na Ghana nazo ziliingia mwaka huohuo. Kwa mtazamo wangu si ajali kwamba milango ilifunguliwa katika masoko ambako makampuni ya simu, benki na vinywaji tayari yananunua matangazo kwa wingi. Meta hulipa kutokana na matangazo. Pale ambapo hakuna anayenunua, hakuna cha kugawana.

Oktoba 2024 Meta ilitangaza mpango mmoja unaoitwa Content Monetization, uliounganisha matangazo ndani ya video, matangazo kwenye Reels na bonasi ya utendaji. Sasa video fupi, video ndefu, picha, hata maandishi matupu vinaweza kuhesabiwa pamoja. Mpango huu pia ulianza kwa mwaliko. Kwa hiyo anayekuuzia wafuasi ili “ufikishe 5,000 ufunguliwe” anakuuzia ufunguo wa mlango wa zamani, tena wafuasi wa kununua ni kosa linaloweza kukufungia mpya pia.

Njia ya kujua hali yako haihitaji fundi. Fungua ukurasa wako, ingia Professional dashboard, kisha Monetization. Hapo utaona kama ukurasa umekubaliwa, kama kuna kosa limeandikwa, au kama kuna kitufe cha kuonyesha kwamba unataka kualikwa. Kama tatizo ni nchi, hapo ndipo litakapoonekana. Hakuna mtu wa Mtwara au Pemba mwenye uwezo wa kubadilisha kinachosomeka pale, hata akidai ana ndugu Nairobi.

Na hapo ndipo watu wa mpakani wanapoingia mtegoni, kwa sababu sisi tumezoea kuwa na laini mbili na ndugu pande zote. Mtu anakaa Palma, anavua na kununua Rongui, lakini ukurasa anauandikisha kwa kitambulisho cha binamu aliye nchi nyingine iliyokubaliwa, na benki ya binamu. Kwenye biashara ya samaki hilo ni jambo la kawaida. Kwa Meta ni udanganyifu wa mahali. Jina la anayelipwa, kitambulisho, fomu ya kodi na akaunti ya benki lazima vilingane, na mifumo yao huangalia pia mahali simu inapotumika. Wewe mwenyewe unaweza kuona sehemu ya wanachokiona: kwenye maelezo ya ukurasa wowote kuna Page transparency, inayotaja nchi walizopo watu wanaouendesha. Ukurasa unaojidai wa Nairobi huku hapo pameandikwa Msumbiji unajitangaza wenyewe. Kinachofuata mara nyingi ni mapato kuonekana kwenye skrini kwa mwezi au miwili, kisha malipo kuzuiwa siku ya uhakiki. Na hata yasipozuiwa, pesa ni ya binamu kisheria. Mkigombana huna pa kushtaki.

Vivyo hivyo kwa anayenunua ukurasa “uliokwisha kufunguliwa”. Angalia nchi zilizo kwenye Page transparency na majina ya zamani ya ukurasa, maana hayo nayo yameandikwa pale. Ukurasa uliobadilisha jina mara tatu, kutoka mpira hadi mapishi hadi biashara ya mazao, ni mali ya wizi au ya kutupwa.

Sasa tuje kwenye kiasi. Matangazo ya Facebook huuzwa kwa mnada. Kila mara skrini ya mtu inapokuwa na nafasi, watangazaji wanaomtaka mtu huyo hushindana bei, na bei hufuata uwezo wake wa kununua na idadi ya wanaomgombea. Hesabu za Meta zenyewe zinaonyesha tofauti: katika robo ya mwisho ya mwaka 2023, mtumiaji mmoja wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia kampuni wastani wa zaidi ya dola 68. Mtumiaji wa kundi ambalo Afrika imo, pamoja na Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati, hakufikisha dola 6. Mgawo wako hukatwa kutoka kwenye chungu hicho.

Tuchukue mfano, na viwango vyake ni vya kukadiria ili hesabu ionekane tu, kwa kuwa Meta haitangazi bei moja. Ukurasa wa muuza pweza unapata utazamaji 300,000 unaostahili kulipwa kwa mwezi. Asilimia 85, yaani 255,000, wako Cabo Delgado na Mtwara. Waliobaki 45,000 ni jamaa na wageni walioko Ureno, Omani na kwingine. Tuseme kila watazamaji 1,000 wa pwani yetu wanaleta senti 3 za dola, na wa ughaibuni senti 30. Pwani inaleta dola 7.65. Ughaibuni unaleta dola 13.50. Jumla ni dola 21.15, na karibu theluthi mbili ya pesa imetoka kwa watu wachache walio mbali.

Halafu kuna kima cha chini cha kulipwa. Kwa matangazo ndani ya video kilikuwa dola 100, sawa na karibu metikali 6,400. Kwa mwendo huo kima hicho kingefikiwa mwezi wa tano, na katika miezi hiyo mitano mtu ameshanunua bando la kupandishia video kila siku. Kabla hujaanza kuhesabu, soma kima kilichoandikwa kwenye sehemu ya Payouts ya akaunti yako, kisha uliza benki yako inakata kiasi gani kupokea dola kutoka nje.

Rongui ina kitu ambacho kingeweza kugeuza hesabu hii. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe zake, kama ilivyo Vamizi jirani, na video ya vitoto vya kasa vikielekea majini hupendwa na mtu asiyejua neno la Kiswahili wala Kimwani. Tuseme utazamaji ni uleule 300,000, lakini safari hii asilimia 60 wako ng’ambo. Watazamaji 120,000 wa pwani wanaleta dola 3.60, na 180,000 wa mbali wanaleta dola 54. Jumla dola 57.60, karibu mara tatu, kwa kazi ileile.

Ila kuna gharama ambayo wauza mafunzo hawaitaji. Facebook hujifunza nani anapenda ukurasa wako, na huwaonyesha hao hao. Ukishawavuta wapenda kasa wa Ulaya, tangazo lako la pweza litaanza kupelekwa kwao, na mnunuzi wa Mtwara aliyekuwa akikupigia kila wiki atakuwa halioni tena. Mzigo mmoja usiouzwa kwa sababu hiyo unaweza kula dola 57 zote. Anayetaka kujaribu afungue ukurasa wa pili kwa ajili ya bahari na kasa, na ule wa biashara auache na wateja wake, hata kama watazamaji ni wachache.

Na video ziwe zake. Julai 2025 Meta ilitangaza kwamba kurasa zinazorudia rudia kazi za wengine zitanyimwa malipo kwa muda na usambazaji wake kupunguzwa. Kuchukua video ya mvuvi mwingine kutoka kwenye kundi la WhatsApp na kuibandika nembo yako hakuifanyi yako. Kuweka wimbo wa msanii nako kunaweza kuhamishia mapato ya video hiyo kwa wenye wimbo, kwa hiyo sauti ya mawimbi na ya mpiga bei ufukweni inatosha.

Wakenya waliofunguliwa wanakumbana na jambo moja zaidi: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi. Anayepokea kwa jina la binamu aliyeko Mombasa ajue kwamba ni rekodi ya kodi ya binamu inayoandikwa mapato hayo, na ni binamu atakayeulizwa.