Zawadi ya bibi haipimwe na makuta



Kila mwaka tarehe 14 ya mwezi wa pili ikikaribia, tunaona wenzetu wanakimbilia banki-lamberi. Mutu anakopa dola 100, anarudisha 150 mwisho wa mwezi, juu ya kumununulia bibi telefoni. Furaha inakaa siku mbili. Deni inakula unga wa batoto. Bibi akijua makuta ilitoka wapi, zawadi inageuka ugomvi.

Tuchukue mufano wa mwenzetu moja wa posti ya usiku. Alikuwa na dola 10 tu. Hakuanzia soko, alianzia nyumbani. Aliona bibi angali anavaa libaya ya siku ya mahari, lakini kikwembe yake ya kufunga ilipasuka zamani, na mama hakuweza kuitupa. Basi akaipeleka ile ya kupasuka kwa bamama wanaouza bitenge, akatafuta rangi na maua ileile. Pakiti nzima ya yadi 6 inatosha bikwembe mbili na libaya moja. Yeye alihitaji yadi 2 tu. Alilipa dola 5, na moja kwa fundi juu ya kushona pembeni. Ingine ilibaki ya unga.

Wakati wa kununua, tugeuze kitambaa. Waksi ya kweli, rangi inaonekana sawa pande zote mbili. Ile ya bei ndogo, nyuma inafifia. Si mbaya kuinunua, lakini tulowanishe kwanza kipande ya kitambaa cheupe, tusugue pembeni: rangi ikitoka mingi, itaharibu nguo zingine siku ya kwanza ya kufua. Tena tumupelekee fundi juma mbili mbele. Karibu na sikukuu mafundi wote wanasema «kesho».

Kosa lingine tunalifanya sisi wanaume: tunaleta sufuria, tunasema ni zawadi ya bibi. Sufuria ni ya nyumba nzima, hata sisi tunakulia ndani. Zawadi ya mapendo inapashwa kuwa yake mwenyewe. Tukikosa kujua anapenda nini, tuulize dada yake, ao tusikilize kile anachorudilia kusema.

Na tusiitupe juu ya meza tukiwa tunakimbia kazini. Yule mwenzetu alingojea siku ya mapumziko, akamuambia bibi: «Niliona unaikamata hii kikwembe kila wakati, na haukuitupa.» Mama alilia. Hakuuliza bei. Alichokipokea si yadi 2 za kitenge, ni kujua kwamba bwana, hata akitoka shimoni na uchovu, angali anamuangalia.