Asilimia 32 ya Nani? Ripoti za Afya na Msomaji wa Tarime na Serengeti

Mwezi Desemba unapokaribia, hasa katika miaka ambayo koo za Wakurya zimetangaza msimu wa ukeketaji, watumishi wa afya wa wilaya za Tarime na Serengeti hujiandaa mapema. Nyumba salama za Masanga na Mugumu hupokea wasichana waliokimbia kwao, na vituo vya afya hukaa tayari kwa majeraha na kutokwa na damu. Katika maandalizi hayo ipo namba moja inayotajwa sana, nayo ni asilimia 32. Imetoka katika ripoti ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015-16, ambao ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 10.

Namba hiyo haina kosa. Kosa huingia pale inapohamishwa na kuandikwa kana kwamba inahusu Tarime peke yake, au wasichana wa leo. Anayekosea hivyo mara nyingi anajua hesabu vizuri. Tatizo ni kwamba ripoti ilimfikisha kwenye namba bila kumfikisha kwenye masharti yake. Kwa sababu hiyo, vichwa, namba za sehemu na viambatisho vya ripoti ya kitaalamu vinastahili kupimwa kwa kipimo kimoja: je, msomaji mwenye swali la kazi anafika kwenye jibu pamoja na mipaka ya jibu hilo?

Tuchukue mfano wa muuguzi wa zahanati anayeifungua ripoti hiyo akiwa na maswali matatu. La kwanza ni kiwango cha ukeketaji katika mkoa wake. Hapa ripoti inamhudumia vizuri. Ukurasa wa yaliyomo unaonyesha sura inayohusu ukeketaji. Mwanzoni mwa sura yamewekwa matokeo makuu, na kila dai katika maelezo limeambatana na namba ya jedwali lake. Majedwali yamepewa namba kwa kufuata sura, kiasi kwamba anayesoma "Jedwali 9.2" anajua mara moja kuwa hilo ni jedwali la pili la sura ya tisa. Muuguzi anafika kwenye mstari wa Mara kwa hatua tatu.

Swali la pili ni kama namba hiyo inawahusu wasichana walio hatarini sasa. Jibu limo katika kichwa cha jedwali, kinachotaja umri wa miaka 15 hadi 49. Msichana aliyekeketwa Desemba iliyopita akiwa na miaka 12 hayumo katika asilimia hiyo, na mwanamke wa miaka 45 aliyemo huenda alikeketwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Habari za mabinti wadogo zimo katika jedwali jingine, nazo zimetokana na maelezo ya mama zao. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, hivyo mzazi anaweza kuwa na sababu ya kunyamaza. Sasa tuseme mtu ananakili mstari wa Mara peke yake na kuuweka katika ripoti ya halmashauri chini ya kichwa "Hali ya Ukeketaji". Umri umepotea, na mipaka ya namba imepotea pamoja nao. Kichwa kinachofaa kingesomeka hivi: "Ukeketaji miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, Mkoa wa Mara, 2015-16". Ni kirefu kidogo, lakini hata kikinakiliwa peke yake bado kinasema kweli.

Swali la tatu ndilo gumu: je, namba hiyo ni ya Tarime? Jibu limo katika Kiambatisho A, kinachoeleza jinsi sampuli ilivyochaguliwa. Utafiti ulitumia maeneo 608 ya kuhesabia watu katika mikoa 30, yaani wastani wa maeneo kama 20 kwa mkoa. Mkoa wa Mara una halmashauri tisa, kwa hiyo kila halmashauri ingepata takribani maeneo mawili tu. Maeneo mawili hayawezi kuisemea wilaya nzima. Tena Mara ni mkoa wa Wakurya na pia wa Wajita na Wajaluo, ambao kimila hawakeketi wanawake; wastani wa mkoa unaficha tofauti kubwa baina ya sehemu na sehemu. Kiambatisho B nacho kinaonyesha ni kwa kiasi gani makadirio yanaweza kupungua au kuzidi kwa sababu ya sampuli.

Viambatisho ndiyo mahali sahihi pa maelezo kama hayo, maana yakijazwa katikati ya sura yangemchosha kila msomaji. Sura ya utangulizi pia inaelekeza huko. Lakini muuguzi aliyekwenda moja kwa moja kwenye sura ya ukeketaji hakupitia utangulizi, na kurasa kadhaa zinamtenganisha na Kiambatisho A. Anachohitaji ni sentensi moja chini ya jedwali lenyewe: "Makadirio haya ni ya mkoa na hayatoshi kwa wilaya, tazama Kiambatisho A."

Wapo watakaosema kwamba siku hizi msomaji hutafuta neno kwenye simu, hivyo vichwa na namba vimepitwa na wakati. Mwenye hoja hiyo na ajaribu kutafuta neno "Mara" katika ripoti ya Kiswahili. Ataletewa kila "mara moja", "mara nyingi" na "mara kwa mara" kabla hajauona mkoa. Zaidi ya hapo, kutafuta neno huonyesha kilichoandikwa tu, hakumwambii mtu kwamba makadirio ya wilaya yake hayapo. Namba za kurasa nazo hupotosha, kwa sababu kurasa za mwanzo huhesabiwa kwa tarakimu za Kirumi, na ukurasa uliochapishwa 300 hauwi wa 300 kwenye skrini. Rejea ya jedwali au sehemu haina shida hiyo.

Ripoti za halmashauri ni fupi, na kuzipima hakuhitaji zaidi ya saa moja. Apewe ripoti mtu ambaye hakushiriki kuiandika, aulizwe maswali matatu kama yale ya muuguzi, asisaidiwe, na iandikwe kila mahali anapokwama. Akisita kwenye yaliyomo, vichwa havijasema vinahusu nini. Akipotea ndani ya sehemu 4.2.3.1, ngazi za namba zimezidi. Kwa ripoti ya aina hiyo ngazi mbili zinatosha, na ya tatu kwa nadra. Kisha kila kiambatisho kitafutwe ndani ya maelezo. Ambacho hakijatajwa popote kielekezwe mahali kinapohusika, au kiondolewe.

Muuguzi aliyefika Kiambatisho A ataiacha asilimia 32 ibaki ya mkoa. Kwa mipango ya wilaya yake atatumia kumbukumbu za kliniki ya wajawazito, za chumba cha kujifungulia na za nyumba salama iliyo karibu, akijua kwamba nazo zinawahesabu waliofika tu.