Cheti Kilichobaki Morogoro

Tumchukue kijana wa Tarakea aliyehitimu mjini Moshi mwaka 2010. Alisoma miaka mitatu katika madarasa ya Chuo cha Ushirika, lakini cheti chake kina jina la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wala si kosa la uchapaji. Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine kuanzia mwaka 2004, hadi kilipopanda mwaka 2014 na kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kwa miaka hiyo kumi walimu walikuwa Moshi, mamlaka ya kutunuku yakiwa Morogoro.

Sasa cheti kimepotea. Chuo cha Moshi hakiwezi kuchapa upya shahada ambayo hakikuitunuku. Kwa kawaida mhitimu ataripoti upotevu polisi, ataapa kiapo kwa wakili, atatangaza gazetini, kisha ndipo atamwomba mtunuku nakala. Huku nyuma tangazo la Sekretarieti ya Ajira limempa majuma mawili, na halipokei transkripti isiyo kamili.

Ninachodai ni kidogo. Chuo kishiriki kinapopata hati yake ya kujitegemea, makubaliano ya makabidhiano yaeleze ni nani atakayepokea maombi ya wahitimu wa zamani. Kwa maoni yangu, yapokelewe pale alipokaa darasani. Mawasiliano na mtunuku yawe kazi ya masjala mbili, si nauli ya mtu anayetoka Tarakea kupitia Mkuu na Himo. Tume ya Vyuo Vikuu ingeweza kulifanya hilo sharti la hati.

Barua pepe ya chuo nayo ina mtego wake. Mwanafunzi hufungulia akaunti ya Ajira Portal kwa anwani ya chuo. Anwani ikifungwa, kiungo cha kubadilisha nenosiri huenda kwenye kisanduku kisichofunguka tena. Vyuo vinavyotumia huduma ya Google vina sababu ya kufunga: tangu mwaka 2022 nafasi ya bure ni terabaiti 100 kwa chuo kizima. Lakini kuna njia ya kati. Chuo kiache anwani iendelee kuwepo, ila ielekeze barua kwenye anwani binafsi ya mhitimu bila kuzihifadhi. Hapo nafasi inayotumika ni karibu na bure. Anayehitimu mwaka huu asisubiri hilo: abadilishe anwani kwenye akaunti zake zote, na ahamishe barua zake kwa Google Takeout kabla ya mahafali.

Kuhusu maktaba, chuo kina uhuru mdogo zaidi, kwa kuwa mikataba ya majarida huhesabu wanafunzi na watumishi waliopo. Hata hivyo mikataba mingi humruhusu yeyote aliyeketi ndani ya jengo kusoma. Mhitimu wa Tarakea apewe basi kadi ya msomaji, na kompyuta moja iliyo wazi siku za Jumamosi.