Avi ya mistari minne ilimukosesha mwenzetu siku ya kazi

Bandugu watumishi, na ninyi bamama munaotungojea kwenye nyumba, mwezi uliopita avi hii ilibandikwa ku mulango wa kompani:

– Basi ekipe ya usiku: 20:30, si 21:00.
– Kuanzia Jumatatu tarehe 9.
– Kituo cha soko: kimefungwa.
– Mwenye kuchelewa: hatangojewa.

Wazee walisoma, wakasema: "Njo kusema wametukana." Lakini ubaya haukuwa ukali tu. Mwenzetu mumoja alielewa kwamba saa ndiyo imebadilika kwa wote, na kituo cha soko kimefungwa kwa ekipe ya muchana. Akasimama kwenye soko saa 20:15. Basi haikufika. Siku yake ikakatwa.

Siye madelege tukaombwa kuandika ile avi upya, kwa heshima. Tulipotaka kuunga mistari, tukakwama. Kituo kimefungwa kwa sababu gani? Watu wapandie wapi? Mustari unaweza kunyamazia yale. Sentensi yenye "kwa sababu" haiwezi. Hatukubuni jibu. Tulienda ku biro kuuliza, kisha tukaandika:

"Bandugu wa ekipe ya usiku, tunawasalimu. Kwa sababu barabara ya soko inatengenezwa, basi haitasimama pale kuanzia Jumatatu tarehe 9. Tunawaomba mupandie mbele ya kanisa. Basi itatoka pale saa 20:30, pa nafasi ya saa 21:00, maana njia ya kuzunguka ni ndefu. Haitaweza kungojea mwenye kuchelewa, ili ekipe nzima ifike kwa wakati. Mwenye shida aone delege wake. Tunawashukuru."

Angalieni: salamu inaonyesha nani anaambiwa, sababu inatangulia amri, na "tunawaomba" inakuja pale watu wanapopaswa kufanya kitu. Lakini saa na tarehe zimebaki vilevile, na "haitaweza kungojea" haikufichwa. Heshima yenye kuficha adhabu ni mutego. Kwa hiyo, ukimaliza, weka karatasi mbili pamoja, uhesabu: kila jambo la mistari lionekane ndani ya maneno yako. Kisha somea mama mumoja asiyejua habari, umuulize: "Bwana yako apandie wapi, saa ngapi?" Akisita, andika tena.

Kuna pahali ambapo mistari mifupi ibaki: kulipuka kwa mina, moto, gazi. Pale mutu anakimbia, hana wakati wa salamu.

Lakini basi, mushahara, hospitali ya batoto, yale si moto. Mwenye kutuandikia atuambie sababu. Na siye madelege tusibandike karatasi ambayo siye wenyewe hatuwezi kuieleza.