Krem bila mashine: kazi iko kwenye mkono, si kwenye frigo

Goma. Kuna jirani yangu mmoja, mama anayehifadhi ndugu zake waliokimbia vita. Alitaka kuuza krem ya barafu ili apate pesa ya chakula. Alichanganya maziwa na sukari, akayaweka katika frigo ya mtu kwa malipo, yakalala humo usiku kucha. Asubuhi yakatoka magumu kama jiwe. Watoto walitafuna wakasema: «Mama, hii ni barafu ya sukari.» Maziwa na pesa ya frigo vyote vikapotea.

Wengi wanasema alikosa mashine. Mimi sikubali. Alikosa kukoroga.

Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa. Yakiachwa yatulie, maji yanaganda kwanza pembeni mwa chombo, na kila chembe ya barafu inavuta maji ya karibu na kukua. Ndizo zile chembe zinazokwaruza ulimi. Ukikoroga, unazitoa pembeni zingali ndogo na kuzitawanya. Zinakuwa nyingi mno, lakini hakuna inayopata nafasi ya kunenepa. Tena mwiko unaingiza hewa, na krem inakuwa laini.

Jumamosi tulijaribu tena, bila frigo. Tulichemsha lita moja ya maji, tukatia maziwa ya unga yenye mafuta mpaka yakawa mazito, na glasi moja ya sukari. Sukari usizidishe, maana ikizidi haigandi. Tukaacha yapoe kabisa. Tukayamimina katika sufuria ya aluminiamu yenye kifuniko, tukaijaza nusu tu.

Sufuria tuliisimamisha ndani ya ndoo, tukaizungushia vipimo vitatu vya barafu iliyopondwa na kipimo kimoja cha chumvi. Chumvi inayeyusha barafu, na barafu ikiyeyuka hivyo inakuwa baridi kuliko maji yanavyoganda. Bila chumvi, maziwa hayatashika.

Tulizungusha sufuria huku na huku. Kila dakika tatu tulifungua na kukwangua pembeni hadi chini. Baada ya dakika 40 hivi mwiko uliacha alama isiyojifunika. Hapo iko tayari, na iliwe palepale.

Angalieni mambo matatu. Barafu ya sokoni ibaki nje ya sufuria, kwa sababu hujui maji yake yalitoka wapi, na kipindupindu tunakijua. Pangusa kifuniko kabla ya kukifungua, chumvi isiingie. Pia krem iliyoyeyuka usiigandishe tena umuuzie mtu: chembe zinarudi kubwa, na vijidudu vimeshapata muda wa kuzaana.

Yule mama aliuza sufuria nzima kabla ya saa kumi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa frigo ya mtu usiku mzima, nunua barafu na chumvi, kisha tafuta mikono miwili ya kupokezana.