RANGI ZA KUKISIWA SI USHAHIDI

Imezuka desturi ya kuzitia rangi picha za zamani zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Hata hapa Masaki, Kisarawe, tumeziona na zimetupendeza. Lakini ndugu zetu wa Visiwani, pamoja na viongozi wenye dhamana ya kumbukumbu, hawana budi kufahamu kwamba rangi hizo hazikufufuliwa, zimekisiwa.

Tuchukue mfano wa bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa nyekundu tupu hadi ilipotiwa alama ya karafuu mwezi Desemba 1963. Vioo vya kupigia picha vya karne ya 19 viliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu; wekundu havikuuona sawasawa. Ndiyo maana pichani bendera hiyo hutoka nyeusi, na anga ya buluu hutoka nyeupe. Atakayeitegemea picha peke yake ataipaka bendera weusi, naye atakosea. Wekundu wake twaujua kwa maandishi, si kwa picha.

Je, kanga ya mama aliyesimama chini ya bendera hiyo? Haikuandikwa popote. Yaweza kuwa nyekundu, yaweza kuwa nyeusi, picha haibagui. Fundi, au kompyuta yake, huchagua inayoelekea, basi.

Kwa hiyo picha ya asili na ihifadhiwe kama ilivyo, na chini ya nakala yenye rangi yaandikwe maneno mawili: "Rangi zimekisiwa." Mjukuu asije akaapa kwa kanga ambayo bibi yake hakuivaa.