Mashine inapojieleza, tusiikubali haraka

Mwanafunzi anauliza programu ya akili bandia kwenye telefone yake: 36 kujumlisha 59 ni ngapi? Inajibu 95, na ni kweli. Anauliza tena: umefanya namna gani? Inajibu kama mwalimu wa shule ya msingi: 6 na 9 ni 15, naandika 5, nabeba 1, kisha 3 na 5 na ile 1 ni 9. Maelezo ni safi. Lakini sivyo ilivyofanya.

Hilo lilionekana mwezi wa tatu 2025, wakati watafiti wa kampuni ya Anthropic, huko Amerika, walipotoa matokeo ya kuchungulia ndani ya programu yao wenyewe, Claude 3.5 Haiku. Hakuna mtu aliyeandika ndani yake kanuni za kujumlisha. Ilisomeshwa maandishi mengi sana, ikajipangia yenyewe namna ya kufanya kazi, na waliyoiunda hawakujua namna hiyo ni ipi.

Kuichungulia si rahisi. Ndani yake kuna namba tu, na kila kipande kimoja kinaitikia mambo mengi yasiyo na undugu. Kwa hiyo watafiti walitengeneza mfano wa pembeni unaoiga programu hiyo, lakini ambao vipande vyake, karibu milioni 30, kwa kawaida kila kimoja kinashika wazo moja: mji fulani, neno fulani, namba inayoishia na 6. Wanaviita sifa. Kisha wanafuata sifa ipi inaamsha ipi, mpaka jibu litoke. Mlolongo huo ndio njia ya hesabu.

Kwa 36 na 59 walikuta njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza inakadiria tu, kama mama wa sokoni anayepiga hesabu ya haraka: namba ya karibu 36 na namba ya karibu 60, jumla iko pembeni ya 92. Ya pili haijali ukubwa. Inaangalia tarakimu za mwisho peke yake: 6 na 9, basi jibu lazima liishie na 5. Mwishoni njia hizo zinakutana. Namba iliyo karibu na 92 na inayoishia na 5 ni 95. Hakuna 1 iliyobebwa popote.

Je, mashine ilidanganya? Hatusemi hivyo. Maelezo ya kubeba 1 iliyasoma katika maandishi ya watu, lakini kuhesabu ilijifunza yenyewe. Ni ujuzi wa aina mbili, na mmoja hauoni unachofanya mwingine.

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba michoro ya watafiti si hadithi nyingine tena? Jibu ni kwamba wanaijaribu kwa mikono. Waliomba programu itaje mji mkuu wa jimbo lenye mji wa Dallas. Ndani waliona Dallas ikiamsha sifa ya Texas, na Texas ikileta Austin. Wakaondoa Texas, wakaweka California mahali pake bila kugusa swali. Jibu likageuka kuwa Sacramento, mji mkuu wa California. Hapo ndipo unajua kwamba kipande kile kilikuwa kinafanya kazi kweli.

Mipaka ipo, na watafiti wenyewe wameisema. Njia yao iliwapa picha ya kuridhisha kwa karibu robo ya maswali waliyojaribu. Hata kwa swali la maneno machache, mtu anatumia masaa kuelewa mchoro mmoja. Tena wanachochora ni ule mfano wa pembeni, ambao hauigi kila kitu. Sehemu kubwa ya programu hizi bado ni giza.

Maoni yetu ni haya. Hapa kwetu, kuanzia Goma mpaka Uvira, watu wanazidi kuuliza mashine hizi juu ya dawa, masomo na mikataba, na wengi wakiona sababu zimepangwa vizuri wanatulia. Hesabu ya 36 na 59 inatufundisha kwamba sababu hizo si ushahidi wa njia iliyofuatwa. Katika kujumlisha hakuna hasara, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi na kila mtu anaweza kulihakikisha. Hasara inakuja siku mashine itakapomnyima mtu mkopo au kumchagulia mgonjwa dawa, halafu mkubwa wa ofisi aonyeshe maelezo yake na kusema: sababu ni hii.

Siku hiyo, raia asikubali maelezo ya mashine kama neno la mwisho. Jibu lipimwe kwa njia nyingine, na mtu mwenye jina na sahihi alibebe. Kwani ile 1, mashine ilisema imeibeba, na haikuibeba.